Mihimili miwili kwenye chati ya matangazo: inavyodanganya, na uchore nini badala yake

Ukiwa unasponsa matangazo Facebook na Instagram kwa ajili ya duka, siku ya ripoti ikifika chati ya kwanza ambayo karibu kila mtu anaichora ni ile ya mistari miwili, mmoja ni hela iliyotumika na mwingine ni oda zilizoingia, hela ina skeli yake kushoto na oda zina skeli yake kulia, ndiyo mihimili miwili yenyewe, mistari inapanda pamoja kama imeshikana mikono, bosi anaangalia sekunde tano anasema "aisee matangazo yanalipa, ongeza bajeti." Na wala hakuna aliyedanganya namba. Namba zote ni za kweli, kilichodanganya ni mchoro.

Mwongozo huu ni wa kitu hicho kimoja tu: una hela ya matangazo, una oda, zina vipimo tofauti kabisa (shilingi na idadi), unataka kuzionyesha kwa wiki kadhaa bila kumpoteza anayesoma. Natumia Google Sheets kwa sababu ndiyo wengi tunayo bure, ila ukiwa na Excel mambo ni yale yale, menyu tu ndiyo zinatofautiana.

Duka la mfano

Tuchukue duka la mablanketi na masweta pale Mwanjelwa, Mbeya, linapokea oda kwa WhatsApp na kutuma kwa bodaboda ndani ya jiji, za mbali zinapanda basi. Namba ni za mfano, nimezitunga, ila umbo lake ni lile lile utakaloliona kwenye biashara nyingi huku kwetu. Wiki nane, kuanzia katikati ya Mei mpaka mwanzoni mwa Julai, yaani kipindi ambacho kipupwe kinakaza na Mbeya mtu hatoki asubuhi bila koti.

| Wiki | Hela ya matangazo (sh) | Oda | Oda mwaka jana |
|---|---|---|---|
| 1 | 70,000 | 41 | 36 |
| 2 | 70,000 | 43 | 37 |
| 3 | 80,000 | 44 | 39 |
| 4 | 95,000 | 47 | 41 |
| 5 | 110,000 | 49 | 42 |
| 6 | 130,000 | 52 | 45 |
| 7 | 140,000 | 54 | 46 |
| 8 | 140,000 | 55 | 47 |

Safu ya mwisho iweke pembeni kwanza, tutairudia, ndiyo yenye kisa chenyewe. Mwaka jana duka lilikuwa linatumia 70,000 kila wiki bila kubadilisha.

Kwanza uone uongo unavyotengenezwa

Fungua shiti mpya uweke hizo namba, wiki safu A, hela safu B, oda safu C, mwaka jana safu D. Chagua A mpaka C, nenda `Insert` halafu `Chart`, aina weka `Line chart`. Utaona mstari wa hela uko juu huko na mstari wa oda umelala chini kabisa kama umekufa, kwa sababu 55 mbele ya 140,000 si kitu. Hapo ndipo mkono unapowasha. Unaenda `Customize`, `Series`, unachagua oda, kwenye `Axis` unabadilisha `Left axis` kuwa `Right axis`, na ghafla mstari wa oda unafufuka.

Sasa cheza na skeli, usiniamini mimi. Chini ya `Customize` kuna `Vertical axis` na `Right vertical axis`, kila moja ina sehemu ya `Min` na `Max`.

Weka kushoto 60,000 mpaka 150,000, na kulia 40 mpaka 56. Mistari inakaribia kulaliana, wiki ya tano iko sehemu moja kabisa. Hadithi inayosomeka: hela ikipanda, oda zinapanda vile vile, shilingi kwa oda.

Acha hiyo, weka kushoto 0 mpaka 150,000 na kulia 0 mpaka 60. Sasa oda zinaanza juu ya hela, zinakutana wiki ya sita, baada ya hapo hela inazipita kidogo. Kuna mtu atasimama kwenye kikao aseme "kuanzia wiki ya sita matangazo yamezidiwa." Haya, badilisha kitu kimoja tu, kulia iwe 0 mpaka 80. Mistari sasa inakatana kati ya wiki ya tatu na ya nne. Oda hazijabadilika hata moja, hela haijabadilika hata senti, ila "wiki mambo yalipoharibika" imehama karibu wiki tatu nyuma.

Hii ndiyo shida yenyewe na haitibiki kwa kuchora vizuri zaidi. Kwenye chati ya mhimili mmoja, mistari miwili ikikatana maana yake ipo, kitu kimoja kimezidi kingine. Kwenye mihimili miwili kukatana hakuna maana yoyote, hakuna wiki ambayo shilingi 130,000 "ni sawa" na oda 52. Vile vile umbali kati ya mistari, na mteremko wa mmoja ukiulinganisha na wa mwingine. Vitu vitatu ambavyo jicho linavikimbilia kwenye chati ya mistari, yaani wapi imekutana, imeachana kiasi gani, upi unapanda kwa kasi, vyote vitatu vimeamuliwa na aliyeweka `Min` na `Max`, na mara nyingi huyo hata si mtu, ni programu imejipangia skeli ili mistari ijae kwenye boksi. Ni kama kulinganisha shamba la Njombe na la Uporoto kwa kuhesabu magunia ya viazi huku mmoja anafunga lumbesa na mwenzake anafunga gunia la kawaida.

Kuna kisingizio kinasemwa sana: "lakini nimeandika skeli zote mbili, rangi ya mhimili inafanana na rangi ya mstari, msomaji atajua." Atajua akikaa nayo dakika tano. Chati ya ripoti haipewi dakika tano. Na hata ukianzisha mihimili yote miwili kwenye sifuri bado haijapona, umeona mwenyewe hapo juu, 0–60 na 0–80 zote zimeanza sifuri na zimesema mambo mawili tofauti.

Hatua ya kwanza: andika swali kabla hujagusa `Insert`

Sisemi hivi ili kukupa kazi ya ziada, ila aina ya chati inatoka kwenye swali na si kwenye data. Hizo hizo safu mbili zina maswali angalau matatu ndani yake na kila moja lina chati yake:

Nini kimetokea kila wiki? Kipi kimekua kwa kasi kuliko kingine? Oda moja inanigharimu kiasi gani, na ile ya nyongeza je?

Chati ya mihimili miwili inajifanya kujibu yote kwa mpigo, ndiyo maana hakuna inalolijibu. Andika swali lako kwenye seli juu ya jedwali, kwa Kiswahili cha kawaida, na ukishindwa kuliandika basi bado hujajua unachora nini.

Kitu kingine kwenye data yenyewe, nakipitia haraka: tumia wiki kamili tu. Wiki ya leo ambayo ina siku tatu itaonekana kama oda zimeporomoka, na watu wanashtuka bure. Kwenye Ads Manager unaweza kukata data kwa wiki kupitia `Breakdown`, halafu sehemu ya muda, halafu `Week`, ila hakikisha wiki yako ya oda inaanza siku ile ile wanayoanzia wao. Ukihesabu oda Jumatatu mpaka Jumapili na hela Jumapili mpaka Jumamosi umeshaharibu kabla hujachora.

Hatua ya pili: chati mbili, moja juu ya nyingine

Kwa swali la "nini kimetokea" jibu ni rahisi mpaka linaudhi: tenganisha. Chati ya hela juu, chati ya oda chini yake, wiki zimepangana wima ili wiki ya nne ya juu iwe moja kwa moja juu ya wiki ya nne ya chini. Kila moja na mhimili wake mmoja. Macho yanashuka na kupanda, yanaona vyote vimepanda, ila hakuna mistari ya kukatana kwa hiyo hakuna hadithi ya bure.

Hela ya wiki ichore kwa nguzo, `Column chart`, kwa sababu kila wiki ni kiasi kinachojitegemea, umetumia ukamaliza. Nguzo lazima zianze sifuri, hapa hakuna mjadala, maana kwenye nguzo jicho linasoma urefu. Ukikata `Min` ikawa 60,000, nguzo ya wiki ya nane itakuwa mara nane ya nguzo ya wiki ya kwanza (80,000 juu ya mstari dhidi ya 10,000) wakati ukweli ni mara mbili tu. Google Sheets kawaida inaanzia sifuri yenyewe kwenye nguzo lakini ukiwa umeichezea skeli kabla, au umebadilisha chati ya mistari ikawa nguzo, ile `Min` ya zamani inabaki pale kimya. Nenda ukaangalie.

Oda unaweza kuchora kwa nguzo pia au kwa mstari. Mstari hausomwi kwa urefu, unasomwa kwa mteremko, kwa hiyo si lazima uanze sifuri, ila kwa chati hizi mbili zinazokaa pamoja mimi naanza sifuri zote, maana msomaji ataleta kipimo cha chati ya juu kwenye chati ya chini atake asitake. Ukifanya hivyo utaona hela imepanda mara mbili na oda zimepanda kiasi, karibu theluthi. Tofauti hiyo ilikuwa imefichwa kabisa kwenye ile chati ya mwanzo.

Kwenye Sheets hakuna kitufe cha kupanga chati mbili zikaendana. Tengeneza ya kwanza, bonyeza `Ctrl+C`, bandika chini yake, badilisha safu tu. Upana utabaki ule ule na wiki zitakaa karibu sawa, kinachoweza kusogeza ni tarakimu za mhimili, "150,000" inachukua nafasi kubwa kuliko "60", kwa hiyo vuta eneo la ndani la chati ya chini mpaka wiki ziwe sambamba. Zibebe hivyo hivyo wima, zinakaa vizuri kwenye simu, na ukweli ni kwamba ripoti nyingi huku zinafunguliwa kwenye simu mteja akiwa dukani.

Hatua ya tatu: ukitaka kulinganisha kasi, vyote vianzie 100

Swali la pili, kipi kimekua zaidi. Hapa unataka kweli mistari miwili kwenye chati moja, na inawezekana kihalali kama vyote vinakuwa na kipimo kimoja. Njia ni kugawanya kila wiki kwa wiki ya kwanza ukazidisha kwa 100. Wiki ya kwanza inakuwa 100 kwa zote, ikifika 134 maana yake imekua kwa asilimia 34.

Kwenye seli F2 andika hivi, vuta kulia mpaka G2 halafu zote chini:

```
=B2/B$2*100
```

Safu ya F inakuwa hela na G inakuwa oda. Alama ya dola mbele ya 2 ndiyo inaikaza wiki ya kwanza isihame ukivuta chini. Hela inatoka 100, 100, 114, 136, 157, 186, 200, 200. Oda zinatoka 100, 105, 107, 115, 120, 127, 132, 134. Chora `Line chart`, mhimili mmoja, na sasa mistari inaachana kama mdomo wa mamba. Kuachana huko ni halisi, huwezi kukuondoa kwa kuchezea `Max`, skeli ikibadilika inabadilika kwa wote wawili.

Lakini njia hii nayo ina mlango wa uongo, na uko kwenye wiki unayoichagua iwe 100. Tuseme wiki ya kwanza mzigo ulichelewa njiani, duka likapata oda 30 badala ya 41. Wiki ya nane yenye oda 55 sasa inasoma 183, karibu sawa na hela iliyofika 200, na umeirudisha ile hadithi ya shilingi kwa oda kupitia mlango wa nyuma. Kinga yake: usitumie wiki moja, tumia wastani wa wiki mbili mpaka nne za mwanzo kabla hujaanza kupandisha bajeti. Hapa bajeti ilikaa 70,000 wiki mbili, kwa hiyo hizo mbili ndizo msingi:

```
=C2/AVERAGE(C$2:C$3)*100
```

Wastani wa 41 na 43 ni 42, wiki ya nane inakuwa 131 badala ya 134. Tofauti ndogo, vizuri, maana yake msingi wako hautikisiki. Kama ingetoka 134 ikawa 105 ungejua kuna kitu kwenye wiki ya kwanza. Na andika chini ya chati msingi ni wiki zipi, sentensi moja.

Kabla hujaenda mbali, kumbuka oda ni kitu cha kuhesabu na vitu vya kuhesabu vinayumba vyenyewe. Kanuni ya haraka ni kipeuo cha pili cha idadi: cha 41 ni 6 na ushee, kwa hiyo wiki yenye oda 41 ingeweza kuwa 35 au 47 bila sababu yoyote ya maana. Ndiyo maana kutoka 43 kwenda 44 usiandikie aya. Kinachobeba hapa ni kwamba wiki zote nane zimeelekea upande mmoja, si ruka moja.

Hatua ya nne: gharama kwa oda, na ile ya nyongeza

Hili ndilo swali ambalo mwenye duka analitaka hata kama hajaliuliza. Ukiona unataka kuweka vitu viwili kwenye mihimili miwili, mara nyingi unachokitaka ni uhusiano wao, basi gawanya upate namba moja, mstari mmoja, mhimili mmoja wa shilingi.

```
=B2/C2
```

Wiki ya kwanza oda moja ilikula 1,707. Wiki ya nne 2,021. Wiki ya sita 2,500, ya nane 2,545. Chora mstari, anza sifuri, umemaliza. Ile chati iliyokuwa inashangilia imegeuka kuwa mstari unaopanda wa gharama, na data ni ile ile.

Sasa tuseme duka linapata faida ya 4,000 kwa oda kabla ya kutoa hela ya tangazo. Mtu ataona 2,545 bado iko chini ya 4,000, atasema tuko salama. Hapa usikimbie. Huo ni wastani, umechanganya oda za zamani za bei rahisi na za mwisho za bei mbaya. Angalia nyongeza peke yake: kutoka wiki ya kwanza mpaka ya nane umeongeza 70,000, na umepata oda 14 zaidi. Gawanya, ni 5,000 kwa kila oda ya nyongeza. Kila moja inakuachia hasara ya 1,000. Hakiki kwa njia nyingine: wiki ya kwanza oda 41 mara 4,000 ni 164,000, toa 70,000 inabaki 94,000. Wiki ya nane oda 55 mara 4,000 ni 220,000, toa 140,000 inabaki 80,000. Oda zimeongezeka, mfuko umepungua 14,000 kwa wiki.

Kama ni kuchora kitu kimoja tu kwa mwenye duka basi mimi ningechora hicho, kinachobaki mfukoni kila wiki, nguzo nane zinazoanza sifuri. Hahitaji kuelezwa.

Tahadhari moja ya gharama kwa oda: biashara yenye oda tano sita kwa wiki usiichore hivi kwa wiki, oda mbili zikikosekana mstari unaruka juu kama umeshtuliwa na umeme. Kusanya kwa wiki nne nne ndiyo ugawanye.

Hatua ya tano: baridi nayo inauza

Tumefika kwenye safu ya D. Mpaka hapa tumejaalia kwamba zile oda 14 zote zimeletwa na hela ya nyongeza. Mbeya, mwezi Juni, unauza mablanketi. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hali ya hewa yenyewe ni muuzaji.

Chora oda za mwaka huu na oda za mwaka jana, wiki kwa wiki, mistari miwili mhimili mmoja. Hii ni halali kabisa kwa sababu zote ni oda. (William Playfair, Mskoti aliyechapisha chati za mistari za biashara ya Uingereza mwaka 1786, alifanya hivyo hivyo: bidhaa zinazoingia na zinazotoka, mistari miwili, zote kwa pauni kwenye skeli moja, na mahali ilipokatana palikuwa na maana.) Utaona mistari inapanda sambamba. Weka kwenye msingi wa 100, wiki ya kwanza kwa kila mwaka: mwaka huu imefika 134, mwaka jana imefika 131. Na mwaka jana bajeti haikuongezwa hata shilingi.

Piga hesabu ya haraka. Oda 41 zikikua kwa kasi ya mwaka jana zinafika 53 au 54. Zimefika 55. Kwa hiyo hela yote ya nyongeza, 70,000 kwa wiki, inaweza kuwa imeleta oda moja au mbili, zilizobaki zimeletwa na baridi. Hapo ile 5,000 ya nyongeza ilikuwa makadirio ya huruma.

Ukitaka kuona kwa nini chati ya mihimili miwili ni hatari hasa kwenye matangazo, ni hapa. Watu wa matangazo tunapandisha bajeti wakati msimu unapanda, ni akili ya kawaida, nani atasponsa masweta Oktoba kwenye joto. Matokeo yake hela na mauzo vitapanda pamoja hata kama tangazo halifanyi kazi kabisa, na chati inayolazimisha mistari ilaliane inachukua hilo na kulifanya ushahidi.

Mwaka mmoja nyuma si uthibitisho, sawa, mwaka jana baridi inaweza kuwa ilikuja mapema au dukani kulikuwa na mzigo mchache. Kwa hiyo dai langu kwenye ripoti lingekuwa hili: "kupanda kwa oda kunafanana na kwa mwaka jana ambapo bajeti haikuongezwa," nikaacha hapo, nisiseme "matangazo hayafanyi kazi."

Ukitaka kujua kweli, gawa kwa eneo. Wiki nne, bajeti ya Mbeya inabaki juu, ya Iringa inarudi ilivyokuwa mwanzo, kote baridi ipo kwa hiyo msimu umeusawazisha kiasi. Hapo weka tangazo la kila mji kwenye seti yake yenye bajeti yake ili bajeti zisichanganyike. Chati ni mistari miwili ya oda, Mbeya na Iringa, kila mmoja umegawanywa kwa wastani wake wa wiki za kabla ya jaribio, mhimili mmoja, na mstari wima mwembamba kuonyesha siku jaribio lilipoanza. Kama mistari inaendelea sambamba baada ya hapo, hela ya nyongeza ya Mbeya haileti kitu. Iringa ikiwa na oda 12 tu kwa wiki, kuyumba kwa 3 au 4 ni kawaida, kwa hiyo usihukumu kwa wiki, jumlisha zote nne ndiyo ulinganishe.

Wakati mihimili miwili inaruhusiwa

Ipo. Kama pande zote mbili ni kitu kile kile kwa vipimo viwili, kwa mfano bili ya matangazo kwa dola kushoto na shilingi kulia kwa kiwango kimoja kilichowekwa, basi kuna mstari mmoja tu na mhimili wa pili ni tafsiri. Hakuna cha kukatana. Vile vile grafu ya mvua na joto tuliyochorwa kwenye jiografia sekondari, nguzo za mvua na mstari wa joto, inavumilika kwa sababu kila anayeisoma ameshafundishwa asilinganishe urefu wa nguzo na mstari. Ripoti ya duka haina darasa la kutangulia.

Na bosi akisema "niwekee kwenye moja"

Atasema, kwa sababu ameizoea na ile chati mbili juu chini inaonekana kama kazi haijaisha. Usibishane kuhusu nadharia, fungua laptopu mbele yake. "Bosi, angalia hapa, nabadilisha hii `Max` tu." Andika 60, andika 80, halafu 120, mistari inahama mbele ya macho yake, saa nyingine inakatana saa nyingine haikatani. Halafu muulize ni ipi kati ya hizo tatu anataka aonyeshe washirika wake. Kisha mfungulie ile ya kinachobaki mfukoni kila wiki, 94,000 ikishuka mpaka 80,000, mazungumzo yatahamia huko yenyewe.

Akisisitiza kabisa, mpe nguzo za hela, na juu ya kila nguzo andika idadi ya oda za wiki hiyo kwa tarakimu, 41, 43, 44 mpaka 55. Mhimili ni mmoja, vitu vyote viwili vipo kwenye picha moja, na hakuna mstari wa pili wa kuchezea. Kwenye Sheets unafanya hivyo kwa kuongeza safu ya oda kama lebo: `Setup`, bonyeza nukta tatu kwenye safu ya hela, chagua `Add labels`, halafu uelekeze kwenye safu ya oda. Kichwa cha chati kiseme tarakimu ni nini, la sivyo mtu atadhani nguzo ya wiki ya nane ni shilingi 55.